Jedwali Lisilo na Nywila

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, kuna somo la usalama wa mifumo ya kompyuta ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa namba 6.858. Wanafunzi wake hukabidhiwa tovuti iliyojaa makosa kwa makusudi. Inaitwa Zoobar. Mtu akijisajili hupewa sarafu za mchezo 10, na anaweza kuwatumia watumiaji wenzake kadiri apendavyo. Ni benki ndogo ya kuigiza, na wizi wote unaoweza kuipata benki halisi mtandaoni unaweza kuipata.

Mojawapo ya makosa hayo limekaa wazi kabisa. Ukifungua jedwali la watumiaji la Zoobar unakuta jina la kila mtu, na kando yake nywila yake, herufi kwa herufi, kama alivyoiandika. Kazi ya mwanafunzi ni kulibadilisha jedwali hilo hata anayeliiba asipate nywila ya mtu yeyote ndani yake, huku wenye akaunti wakiendelea kuingia kama kawaida.

Hatari ya kuacha nywila wazi haihitaji kubuniwa. Desemba 2009 wadukuzi waliingia kwenye hifadhidata ya kampuni ya Marekani iitwayo RockYou, iliyokuwa ikitengeneza michezo na mapambo ya mitandao ya kijamii. Walipenya kwa kuchomeka amri za SQL mahali palipotarajiwa maandishi ya kawaida, na wakatoka na nywila milioni 32 zilizohifadhiwa bila ulinzi wowote. Zaidi ya watu 290,000 kati ya hao walikuwa wametumia nywila ile ile: 123456. Orodha iliyotokana na wizi huo, yenye nywila tofauti takriban milioni 14, bado inazunguka hadi leo. Wengi wanaojaribu kuvunja nywila za watu, wawe wezi au wakaguzi walioajiriwa, huanza nayo.

Hatua ya kwanza ya kujikinga ni heshi. Heshi ni kanuni ya hesabu inayopokea maandishi ya urefu wowote na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi wenye urefu usiobadilika. Maandishi yale yale hutoa jibu lile lile siku zote, lakini jibu halina njia ya kurudi kwenye maandishi, kama unga usivyoweza kurudi kuwa mahindi. Basi tovuti huhifadhi jibu na kuitupa nywila. Mtu akirudi kesho na kuandika nywila yake, seva hukokotoa upya na kulinganisha majibu mawili. Yakifanana, mlango unafunguliwa.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo LinkedIn ilipojikuta mwaka 2012. Mwezi Juni mwaka huo heshi takriban milioni 6.5 za watumiaji wake zilimwagwa mtandaoni. Zilikuwa zimetengenezwa kwa kanuni ya SHA-1, bila nyongeza yoyote. Miaka minne baadaye ikajulikana kuwa wizi ulikuwa mkubwa zaidi: zikajitokeza akaunti nyingine zaidi ya milioni 100 zenye ulinzi ule ule dhaifu.

Udhaifu wenyewe unaonekana kwa macho. Yeyote duniani anayekokotoa SHA-1 ya 123456 atapata jibu hili:

```
7c4a8d09ca3762af61e59520943dc26494f8941b
```

Ikiwa watu elfu moja kwenye jedwali wametumia nywila hiyo, mfuatano huu utajitokeza mara elfu moja, na mwizi atajua kabla ya kukokotoa chochote kwamba watu hao wana nywila moja. Zaidi ya hapo, hahitaji kuanza hesabu upya kila anapoiba. Atachukua ile orodha ya nywila milioni 14, akokotoe heshi zake mara moja, kisha atafute kila jibu ndani ya jedwali lolote litakalomwangukia mikononi. Tovuti yenye watumiaji milioni moja inamgharimu sawa na yenye watumiaji kumi.

Chumvi ndiyo inayovunja mbinu hiyo. Mtumiaji anapojisajili, seva huchagua baiti chache za kubahatisha kwa ajili yake peke yake, huziunganisha na nywila, kisha hukokotoa heshi ya mchanganyiko huo. Watu wawili wenye nywila 123456 sasa wana majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Wazo hili si geni. Robert Morris na Ken Thompson walilieleza mwaka 1979 walipoandika kuhusu nywila za mfumo wa Unix. Chumvi yao ilikuwa biti 12, yaani chaguo 4,096. Siku hizi baiti 16 ni kawaida, na chaguo zake ni nyingi kiasi kwamba hakuna diski inayoweza kubeba majibu yaliyokokotolewa mapema kwa kila chumvi.

Kwenye Zoobar, kiini cha kazi ni mistari miwili ya Python:

```
salt = os.urandom(16)
h = pbkdf2.PBKDF2(password, salt).hexread(32)
```

Mstari wa kwanza unaomba baiti 16 kutoka kwenye mfumo endeshi wenyewe. Maelekezo ya zoezi yanakataza kutumia `random.random`, na yana sababu: namba zake zinaonekana za kubahatisha, ila hutoka kwenye kanuni inayotabirika kwa mtu aliyeona za kutosha. Mstari wa pili unazalisha heshi ya baiti 32, inayoandikwa kwa herufi 64. Mwanafunzi huongeza safu ya chumvi kwenye jedwali, na pale palipokuwa na nywila huweka heshi. Chumvi ikae hapo hapo, kando ya heshi, wazi. Wanaoanza husumbuka sana kutafuta mahali pa kuificha, lakini haihitaji kufichwa. Kazi yake ni kumlazimisha mwizi aanze hesabu upya kwa kila mtumiaji, na kazi hiyo inafanyika hata akiiona.

Makosa ya zoezi hili yanajirudia. Baiti zinazotoka `os.urandom` si maandishi, na zikisukumwa moja kwa moja kwenye safu ya maandishi huleta hitilafu au kuharibika. Lazima zigeuzwe kwanza kuwa herufi, baiti 16 zikawa herufi 32. Mwingine hutengeneza chumvi mpya wakati wa kuingia badala ya kusoma ile iliyohifadhiwa. Akaunti inasajiliwa vizuri, kisha mwenyewe anafungiwa nje milele. Kosa baya zaidi halionyeshi dalili yoyote: chumvi moja iliyoandikwa ndani ya programu na kutumika kwa watu wote. Kila mtu anaingia na kutoka bila shida. Kuligundua ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Sajili watumiaji wawili kwa nywila moja, kisha ufungue jedwali. Safu ya heshi ikionyesha mfuatano ule ule mara mbili, chumvi haifanyi kazi.

Sasa hesabu ya mwizi imebadilika. Kwa watumiaji milioni moja na orodha ya nywila milioni 14, badala ya kukokotoa mara milioni 14 atahitaji mara trilioni 14. Lakini chumvi haimlindi mtu mmoja anayewindwa. Mwizi anayemtaka meneja wa benki peke yake atachukua chumvi ya meneja huyo na kupitia orodha yake mara milioni 14 tu. Kwa SHA-1, kadi moja nzuri ya michoro, inayoweza kukokotoa mara bilioni kadhaa kwa sekunde, humaliza kazi hiyo kabla ya sekunde moja kwisha.

Ndiyo maana zoezi linataka PBKDF2. Kanuni hii hurudia hesabu mara nyingi kwa makusudi, jibu la mzunguko mmoja likiingia kwenye mzunguko unaofuata. Mwongozo wa OWASP wa mwaka 2023 unapendekeza mizunguko 600,000 pale PBKDF2 inapotumika na SHA-256. Zipo kanuni nyingine zilizobuniwa kwa lengo hilo hilo: bcrypt ya mwaka 1999, na Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa la heshi za nywila mwaka 2015, ambayo humlazimisha mwizi kutumia kumbukumbu nyingi ya kompyuta, kitu ambacho kadi za michoro hazina cha kugawana kwa maelfu ya hesabu za pamoja. Tuchukue kwamba jaribio moja limefanywa kuchukua sehemu ya kumi ya sekunde. Anayeingia kwenye akaunti yake hatahisi chochote. Mwizi mwenye mashine ya aina hiyo hiyo atahitaji siku 16 kumaliza orodha yake kwa mtu mmoja. Tena, mwenye nywila 123456 hatazipata siku hizo 16, kwa kuwa nywila yake hujaribiwa ya kwanza.

Ucheleweshaji huo nao una bei. Maelekezo ya MIT yanawakumbusha wanafunzi kilichoipata Django, mfumo maarufu wa kujengea tovuti kwa Python, mwaka 2013. Mtu aliyetuma nywila yenye ukubwa wa megabaiti moja aliweza kuishughulisha seva dakika nzima kwa jaribio moja tu la kuingia, na watumiaji wengine wakabaki wanasubiri. Django iliweka kikomo cha baiti 4,096. Chanzo kilikuwa kwenye utekelezaji: programu iliipitia nywila nzima kila mzunguko badala ya kuifupisha mara moja mwanzoni. Hilo liliporekebishwa, kikomo kiliondolewa.

Na jedwali likiwa safi, nywila inaweza kuwa imebaki mahali pengine. Machi 2019 Facebook ilikiri kuwa nywila za mamia ya mamilioni ya watumiaji zilikutwa zikisomeka ndani ya mifumo yake, ingawa jedwali lake la nywila lilitumia heshi. Mwaka 2024 mamlaka ya Ireland ya ulinzi wa data iliitoza faini ya euro milioni 91 kwa jambo hilo. Nywila hupita kwenye programu nyingi kabla ya kufika kwenye heshi, na programu yoyote inayoandika kumbukumbu za maombi yanayoingia inaweza kuinakili njiani.

Mwanafunzi wa Zoobar anaweza kujikagua kwa jaribio dogo. Ajisajili kwa nywila isiyoweza kupatikana kwa bahati, mathalani `kipepeo-Pemba-8841`, aingie, atoke, kisha apekue saraka nzima ya tovuti:

```
grep -ra 'kipepeo-Pemba-8841' .
```

Apekue vivyo hivyo na nywila aliyoisajili kabla ya kubadilisha programu. Hiyo ya zamani huenda ikajitokeza ndani ya faili la hifadhidata lenyewe, hata kama safu yake imeshaandikwa upya. Zoobar hutumia SQLite, na kwa kawaida SQLite inapofuta au kubadilisha data huiweka alama nafasi ile kuwa iko wazi na kuziacha baiti za zamani zilipo. Amri ya `VACUUM` hulijenga faili upya bila mabaki hayo, na baada yake upekuzi hurudiwa, safari hii pamoja na nakala za akiba zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko.