Jedwali la mashambulizi na kinga: mtihani wa Security+ unapima nini hasa

Mtahiniwa wa Security+ hupewa maswali yasiyozidi 90 na dakika 90 za kuyajibu. Mengi ni ya kuchagua jibu, lakini machache huja kwa sura nyingine: skrini huonyesha jedwali lenye maelezo ya mashambulizi, na pembeni visanduku vitupu vya kujazwa jina la kila shambulio na kinga inayolifaa. Kwa kawaida maswali haya hutangulia, na mtahiniwa aliyezama humo hugutuka saa imekwenda. Walimu wengi hushauri yarukwe na kurudiwa mwishoni. Ushauri huo unaokoa muda, ila haumwokoi aliyekariri kwamba shambulio fulani lina dawa fulani, akakutana na jedwali ambalo dawa moja inaonekana kufaa kila mstari.

Kabla ya kuingia ndani ya jedwali lenyewe, inafaa kujua nani analiuza. Security+ ilianza mwaka 2002 chini ya CompTIA, chama cha sekta ya teknolojia cha Marekani. Kilichoipandisha ni agizo la Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, namba 8570, la mwaka 2004: anayeshughulikia usalama wa mifumo ya wizara, awe mwanajeshi au mfanyakazi wa mkandarasi, sharti awe na cheti kinachotambuliwa. Security+ ikaingia kwenye orodha, na tangu hapo ikawa na wateja wasio na hiari. Biashara hiyo ilivutia wenye mitaji. Novemba 2024 kampuni za uwekezaji H.I.G. Capital na Thoma Bravo zilitangaza kuinunua chapa ya CompTIA na bidhaa zake, na mauzo yakakamilika Januari 2025.

Mtihani mmoja kwa bei ya Marekani unazidi dola 400. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha mwenye nacho aonyeshe pointi 50 za kujiendeleza au arudi kwenye chumba cha mtihani. Mshindani wa CompTIA, ISC2, alitumia njia nyingine mwaka 2022: alitangaza mafunzo na mtihani wa bure wa ngazi ya kwanza kwa watu milioni moja, halafu anayefaulu hulipa dola 50 kila mwaka ili kukishika cheti. Kwetu Afrika Mashariki msukumo umetoka zaidi kwa wasimamizi wa fedha. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa Agosti 2017 uliyataka mabenki yawe na ofisa mkuu wa usalama wa taarifa, na ofisa huyo anahitaji watu wa kufanya kazi chini yake. Ukiajiri kijana ambaye hujawahi kumwona akifanya kazi, karatasi inakuwa njia rahisi ya kumchuja.

Je, karatasi hiyo inathibitisha nini? Katika toleo la SY0-701, lililotoka Novemba 2023, vitisho na namna ya kuvipunguza vina asilimia 22 ya mtihani, na uendeshaji wa usalama asilimia 28. Jedwali linakaa hapo, kwenye nusu ya uzito wote. Alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoanzia 100 hadi 900, kwa hiyo anayeisoma kama asilimia 75 anajidanganya.

Nimechagua kipande kimoja tu cha jedwali, cha nywila, kwa sababu ndipo mashambulizi yanapofanana majina na tabia huku kinga zake zikiachana. Mistari hii nimeipanga mwenyewe kwa mada za mtihani:

| Jina kwenye skrini | Anachofanya mshambuliaji | Kinga inayotafutwa |
|---|---|---|
| `brute force` | Hujaribu nywila nyingi kwenye akaunti moja | Kufunga akaunti baada ya makosa kadhaa |
| `password spraying` | Hujaribu nywila moja kwenye akaunti nyingi | Kukataa nywila zilizozoeleka. Uthibitisho wa hatua mbili |
| `credential stuffing` | Hutumia majina na nywila zilizovuja kwingine | Uthibitisho wa hatua mbili. Kukagua nywila zilizovuja |
| `rainbow table` | Hulinganisha faili iliyoibwa na majibu yaliyokokotolewa mapema | Chumvi kwenye kila nywila |

Anayekariri huona uthibitisho wa hatua mbili mara mbili na kuubandika kila mahali. Swali la kujiuliza kwanza ni dogo: je, ubashiri wa nywila unahakikiwa wapi? Mwizi anaweza kusimama mlangoni akijaribu funguo moja baada ya nyingine, na hapo mwenye nyumba anaweza kumhesabia, kumchelewesha au kumfukuza. Lakini akishaing'oa kufuli na kwenda nayo kwake, atajaribu usiku kucha bila mtu kujua. Mistari mitatu ya kwanza ni ya mlangoni. Wa nne ni wa kufuli iliyobebwa. Kufunga akaunti baada ya makosa matano hakumzuii aliye na faili nyumbani, na chumvi haimpunguzi kasi aliye mlangoni.

Chumvi hiyo ni herufi za nasibu ambazo mfumo huziunganisha na nywila kabla ya kuipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja, ile inayotoa alama isiyoweza kurudishwa kuwa nywila. Hesabu ni moja kwa kila mtu, kwa hiyo bila chumvi watumiaji elfu waliochagua `123456` wanakuwa na alama ileile, na mwizi aliyekwisha kukokotoa alama za mamilioni ya nywila anatafuta tu inayolingana. Juni 2012 alama zipatazo milioni 6.5 za nywila za LinkedIn zilimwagwa hadharani. Zilitengenezwa kwa hesabu ya SHA-1, bila chumvi. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba wizi ulikuwa mkubwa zaidi, kwani taarifa za kuingilia za watu milioni 117 zilikuwa zinauzwa.

Watahiniwa wengi hudhani chumvi ni siri. Sivyo. Huhifadhiwa kando ya alama yenyewe, na mwizi wa faili huipata. Kazi yake ni kuyafanya majibu ya mapema yasifae, ili kila mtumiaji ashambuliwe kivyake, kuanzia mwanzo. Nywila mbovu inabaki mbovu. Ndiyo maana hesabu inayochaguliwa huwa ya polepole kwa makusudi, kama `bcrypt`, ili kila jaribio limgharimu mwizi muda.

Turudi mlangoni. Tuseme benki ina wafanyakazi 3,000, na akaunti hufungwa baada ya makosa matano. Mshambuliaji anayeng'ang'ania akaunti moja anasimamishwa kwenye jaribio la tano. Sasa achukue nywila moja ambayo watu huipenda, labda jina la benki na mwaka, aijaribu mara moja kwa kila mfanyakazi. Amejaribu mara 3,000, na hakuna akaunti yenye kosa zaidi ya moja. Kama mfanyakazi mmoja kwa kila mia ameitumia, ameshaingia kwenye akaunti 30. Mwenye hila zaidi anaweza kuigeuza kinga yenyewe kuwa silaha: akikosea makusudi mara tano kwa kila jina, Jumatatu asubuhi benki nzima imefungiwa nje.

Mtihani hupenda kuficha shambulio la `password spraying` ndani ya kumbukumbu za mfumo, bila kulitaja jina. Kwenye Windows namba 4625 ni jaribio lililoshindwa, na 4624 ni lililofaulu. Mfano wa kutunga:

```
20:14:02  4625  amina   203.0.113.25
20:14:03  4625  baraka  203.0.113.25
20:14:05  4625  chiku   203.0.113.25
20:14:06  4624  daudi   203.0.113.25
```

Majina yanabadilika, anwani ni ileile, kila mtu jaribio moja. Huyo ananyunyizia nywila, na mstari wa kuhangaikia ni wa mwisho. Jina lingekuwa moja tu katika mistari yote, lingekuwa shambulio la nguvu. Ukiona majina mengi ambayo hata hayapo kwenye mfumo wako, uwezekano mkubwa ni orodha iliyovuja mahali pengine, maana mwenye kuitumia hajui nani ni mteja wako na nani siye.

Orodha ya namna hiyo ndiyo iliyoiumiza 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo vya vinasaba, mwaka 2023. Akaunti zilizofunguliwa moja kwa moja kwa nywila za zamani zilikuwa takriban 14,000. Lakini huduma yake iliwaonyesha wateja ndugu zao wa damu, na kupitia mlango huo taarifa za watu milioni 6.9 zikachukuliwa. Baadaye kampuni ikaulazimisha uthibitisho wa hatua mbili kwa wote.

Uthibitisho huo nao una tabaka zake, na hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana uzoefu ambao kitabu cha Marekani hugusia tu. Namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi ni salama kadiri laini ilivyo salama. Tapeli akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake, hatua ya pili inakuwa mkononi mwake. Kitufe cha kuidhinisha kwenye simu nacho kina udhaifu wake: Septemba 2022 mkandarasi wa Uber alitumiwa maombi ya kuidhinisha mfululizo hadi akakubali moja, na mvamizi akaingia. Dawa ya hilo ni kumtaka mtumiaji aandike namba anayoiona kwenye skrini ya kuingilia. Imara zaidi ni ufunguo wa kuchomeka wa FIDO2, ambao haujibu tovuti yenye anwani tofauti na ile uliyosajiliwa nayo. Jedwali likikupa machaguo mawili ya hatua mbili, maelezo ya shambulio ndiyo yatakayokuambia lipi linatakiwa.

Mahali jedwali linapofikia ukomo palionekana Microsoft. Januari 12, 2024 kampuni hiyo iligundua kwamba kundi inaloliita Midnight Blizzard, inalolihusisha na serikali ya Urusi, lilikuwa limeingia tangu mwishoni mwa Novemba 2023. Njia ilikuwa kunyunyizia nywila. Ila wavamizi hawakuacha kumbukumbu nadhifu kama ile ya mfano wetu: walilenga akaunti chache, wakajaribu mara chache, tena kupitia anwani za intaneti za majumbani zilizotawanyika. Waliyoipata ilikuwa akaunti ya zamani ya majaribio isiyo na hatua ya pili. Kutoka hapo wakaikuta programu ya majaribio iliyokuwa na ruhusa kubwa kwenye mfumo wa kampuni, na mwishowe wakasoma barua pepe za baadhi ya viongozi wa juu na wafanyakazi wa usalama na sheria.

Kwenye jedwali, kinga ya shambulio hilo ni uthibitisho wa hatua mbili, na mtahiniwa angepata alama yake. Microsoft waliijua kinga hiyo na huiuza kwa wateja. Akaunti ile ilisalia bila kuwekewa, na programu ile ilisalia na ruhusa ambazo hakuna aliyeziondoa. Kuhesabu akaunti zilizopo, kuzizima zisizotumika na kupunguza ruhusa pia vimo kwenye mtihani uleule, ila huulizwa katika maswali mengine, mbali na mstari wa `password spraying`.