Kopo moja, bei tatu

Kopo la gramu 200 la mafuta ya shea na nazi ni shilingi 15,000 kwa anayenunua moja, 10,500 kwa anayebeba dazeni akauze, na 8,500 kwa anayeagiza mia. Mafuta ni yale yale, yametoka sufuria moja. Mteja wa kopo moja akizisikia bei hizo mbili nyingine huona ametapeliwa.

Tufungue daftari la mtengenezaji mdogo wa Tabata, kwa hesabu za mfano. Mafuta, kopo, lebo, gesi na jasho lake vinamgharimu 6,000 kwa kopo. Mteja wa rejareja anaanza kwa kuuliza bei, kisha kama linafaa ngozi yenye chunusi, kisha anapotea siku tatu, akirudi anataka aletewe. Muda huo, vocha, mfuko na tangazo tuvipe 2,500. Katika ile 15,000 mtengenezaji anabaki na 6,500. Mwenye dazeni haulizi mambo ya chunusi. Mzigo wake unapelekwa stendi mara moja, na kazi yote haizidi 600 kwa kopo. Hapo kinabaki 3,900. Punguzo lake kwa sehemu ni kazi ambayo sasa anaifanya yeye, maana ndiye atakayejibu maswali.

Ndiyo sababu bei hupangwa kutoka juu kushuka chini. Wengi huanzia chini: kopo limenigharimu 6,000, naongeza 3,000, nauza 9,000. Linauzika vizuri mpaka siku mwenye duka anapokuja kuomba bei ya jumla. Hapo hakuna pa kukata. Akipewa kwa 7,500 na yeye auze 9,000, faida ya 1,500 haimlipii hata pango, na kopo litakaa nyuma ya rafu likila vumbi.

Mwenye duka naye ana gharama ambayo mtengenezaji haioni. Kwa 10,500 inaonekana atapata 4,500 kwa kila kopo, yaani 54,000 kwa dazeni. Lakini mafuta ya kupaka hayauziki bila kunuswa na kujaribiwa mkononi, kwa hiyo kopo moja linafunguliwa. Yanayobaki kumi na moja yanaleta 165,000; ukitoa 126,000 za mzigo, ni 39,000 tu. Mtengenezaji mjanja humtilia kikopo cha gramu 50 cha kujaribia, bure. Kinamgharimu kidogo kuliko kushusha bei, na dazeni inabaki dazeni.

Anayechukua kwa mali kauli, alipe akishauza, hastahili 10,500. Pesa ya mtengenezaji imelala kwenye rafu ya mtu, na shea ikipigwa joto ikayeyuka kisha ikapoa polepole hufanya chengachenga, makopo yakarudi. Kwake 12,000 ni haki, tena kwa makubaliano ya siku.

Sasa yule wa makopo mia. Kwa nini mia, si hamsini? Jibu liko jikoni. Sufuria ya mtengenezaji wetu inapika kilo 20, ambazo ni makopo mia kamili. Kupika nusu kunamla siku ile ile na karibu gesi ile ile. Sufuria ikijaa kwa oda moja, na nusu ya pesa ikilipwa kabla, malighafi inanunuliwa kwa mzigo mkubwa na gharama inashuka hadi 5,400. Kwa 8,500 anabaki na 3,100, mara mia, bila kukopa wala kungoja. Akishusha hadi 7,000 kwa kuogopa kumpoteza mteja, anabaki na 1,600, na soko lote litajua kwamba bei inashuka ukinung'unika.

Hatari kubwa ya bei ya jumla ni kuvuja. Mtu anasema makopo ni ya saluni yake, kumbe wiki ijayo yako Kariakoo kwa 11,000, na wenye dazeni wanapiga simu kwa hasira. Kwa saluni ya kweli dawa ni ndoo: kilo tano, haina kopo dogo wala lebo ya dukani. Mkandaji haioni tofauti, na mchuuzi hana cha kupanga mezani.

Na kabla ya kumlaumu mnunuzi, mtengenezaji aangalie ukurasa wake mwenyewe. Ofa ya sikukuu ya 11,000 inayotangazwa mitandaoni inamwacha mwenye duka akiwa na mzigo wa 10,500 usionunulika. Kama ofa haikwepeki, aambiwe mapema, au afidiwe kwa makopo aliyobaki nayo.

Uvujaji hugunduliwa kwa namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo. Katika daftari, toleo la 41 lote lilikwenda kwa mnunuzi mmoja. Kopo la 41 likionekana kwa machinga, unalinunua, unaligeuza, unampigia mwenyewe.