Uzuri uko wapi? (4): Pipa la Hume na vichwa vya Ife

Juni 2025 Uholanzi iliirudishia Nigeria vitu 119 vya ufalme wa Benin, sehemu ya hazina iliyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Habari hiyo imewachochea baadhi ya wanafunzi wa sanaa wanaofuatilia mfululizo huu kuniuliza swali zuri. Wazungu waliovibeba vitu hivyo waliviita nyara, na wajukuu wao wanaviita sanaa bora ya dunia. Je, shaba ile imebadilika, au ni macho tu yaliyobadilika? Na kama ni macho, kwa nini tusikubali kwamba uzuri ni wa mtazamaji, tukafunga mjadala?

Tusiufunge bado. Sehemu iliyopita tuliishia kwa Polikleto, mchongaji wa Ugiriki aliyeuweka uzuri ndani ya kitu chenyewe: kidole kiwiane na kidole, vidole na kiganja, kiganja na mkono, hadi mwili mzima. Tukaona pia jinsi Plotino, mwanafalsafa aliyesoma Aleksandria katika karne ya 3, alivyolitia ufa jibu hilo. Mwanga wa jua hauna sehemu za kuwianishwa, lakini ni mzuri. Tena uso uleule, wenye vipimo vilevile, leo unaonekana mzuri na kesho haupendezi. Basi vipimo pekee havitoshi. Mwaka 1757 Edmund Burke aliongeza hoja ya ndege: shingo ya bata maji ni ndefu kuliko kiwiliwili chake na mkia wake ni mfupi, ilhali tausi ana shingo fupi na mkia mrefu kupita mwili, na wote wawili tunawasifu.

Mwaka huohuo Mskoti David Hume alichapisha insha yake kuhusu kipimo cha ladha, na hapo ndipo ningependa tukae leo. Hume anaanza upande wa wale wasemao kwamba uzuri ni hisia iliyo moyoni mwa anayetazama. Anakubali kwamba hisia haisemi uongo, kwa kuwa haidai lolote kuhusu kitu kilicho nje. Lakini palepale anaona kwamba hakuna anayeishi kwa kanuni hiyo. Mtu akimweka mtunzi hafifu sawa na Milton, hatusemi ana macho yake. Tunasema hajasoma vya kutosha.

Ili kueleza jambo hilo, anaazima kisa kutoka riwaya ya Servantes kuhusu Don Kihote. Sancho anasimulia kwamba jamaa zake wawili waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alionja, akausifu, ila akasema una harufu kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliusifu, ila akalalamikia ladha ya chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake palikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi.

Wasomaji wengi wa kisa hiki hukimbilia kusema kwamba ufunguo unathibitisha uzuri ni wa kitu. Sivyo. Ufunguo unathibitisha kwamba chuma na ngozi vilikuwemo, na kwamba wale wawili walikuwa na ulimi mwepesi kuliko waliowacheka. Utamu wenyewe ulibaki kuwa jambo la mwonjaji. Msimamo wa Hume ni wa katikati: hisia ni yetu, lakini ndani ya vitu zimo sifa zinazofaa kuiamsha, na si kila mtu ana uwezo wa kuzipata. Mwamuzi wa kweli anahitaji akili timamu, hisia nyepesi, mazoezi, desturi ya kulinganisha kazi nyingi, na moyo usio na chuki wala upendeleo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomshinda Hume mwenyewe. Mwaka 1753, katika toleo jipya la insha nyingine kuhusu tabia za mataifa, aliongeza tanbihi akidai kwamba watu weusi hawana sanaa wala elimu. Wakati anaandika hayo, vichwa vya shaba vya Ife, katika Nigeria ya leo, vilikuwa vimekwisha kutengenezwa karne nyingi nyuma.

Hapa naomba subira, maana ni habari niliyoipenda tangu ujana. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba, akaonyeshwa kichwa cha shaba kilichohusishwa na Olokun, mungu wa bahari. Alishangazwa na uzuri wake. Ladha yake, kwa lugha ya Hume, ilikuwa sahihi: ule utulivu wa midomo, ile mistari myembamba inayoshuka usoni, lile umbo la shavu linalopokea mwanga polepole. Lakini alipotaka kueleza chanzo chake, aliutafuta mbali, akadai kwamba ni masalio ya koloni la Wagiriki, la Atlantisi. Alionja vizuri, kisha akakataa kuamini kilichomo ndani ya pipa.

Ufunguo wake ulipatikana mwaka 1938. Watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika boma la Wunmonije, karibu na kasri la Ooni, mfalme wa Ife, waligonga shaba, na vikatoka vichwa vingi vya mtindo uleule. Wataalamu huviweka kati ya karne ya 12 na ya 15. Vilitengenezwa kwa nta: kiini cha udongo kinapakwa nta, sura inachongwa ndani ya nta, juu inafunikwa kwa udongo mwingine, moto unaiyeyusha nta itoke, na madini yanamiminwa penye nafasi iliyobaki. Kuta za vichwa hivyo ni nyembamba, milimita chache tu, na baadhi ni shaba karibu tupu, madini magumu kumimina kuliko mchanganyiko wenye bati au zinki. Pakitokea kosa dogo, madini huganda kabla ya kulijaza umbo, na kazi yote ni ya kuanza upya.

Mwanafunzi anayesema kila mtu na macho yake, kisha akaondoka mbele ya kichwa cha namna hii baada ya kutupa jicho mara moja, amejinyima mazoezi na ulinganisho, na hajatetea uhuru wowote. Siwezi kulisema hilo kwa upole zaidi.

Hoja moja dhidi ya Hume inabaki na uzito. Tunamjua mwamuzi bora kwa kuwa anapenda kazi bora, na tunazijua kazi bora kwa kuwa waamuzi bora wanazipenda, hivyo tunazunguka palepale. Hume anajibu kwamba mazoezi, ulinganisho na kutokuwa na chuki ni mambo ya kuchunguzwa yenyewe, kabla ya kuuliza mtu anapenda nini. Naona jibu hilo linafaa kwa mazoezi na ulinganisho. Kwa chuki linapwaya, kwa sababu mwenye chuki huwa wa mwisho kuiona, kama Hume alivyokuwa.

Nafasi imekwisha, na vitu 119 nimeviacha hadi hapa. Ikiwa ulinganisho ni sharti la ladha, basi kijana wa Benin anayesomea kumimina shaba leo amekuwa akihitaji viza ya Ulaya ili kuzilinganisha kazi za mababu zake, huku mwenzake wa London akizifikia kwa basi. Toleo lijalo nitamchukua Kant na kitabu chake cha mwaka 1790, anayesema kwamba mtu akitamka “hiki ni kizuri” anadai kukubaliwa na watu wote, ingawa hana ushahidi wa kuwalazimisha.