Mkufu Gani Hudumu Shingoni mwa Mfanyakazi?



Mwenzetu wa Abuku anayetaka kununua mkufu huenda sokoni Koboko, au hufunga safari mpaka Arua. Dhahabu ya machimbo ya Ituri imepita kwa miaka mingi katika njia ya Ariwara na Arua, lakini si kila kinachong'aa mezani pa muuzaji ni dhahabu. Ipo mikufu ya fedha, ipo ya shaba iliyochovywa dhahabu, na ipo ya chuma kisichoshika kutu. Mnunuzi huuliza kwanza habari ya madini, na hiyo ni haki yake. Lakini mara nyingi husahau kuuliza mkufu umeundwaje, na muundo ndio unaoamua kama fedha aliyoitoa itakaa shingoni miaka kumi au miezi mitatu.

Katika makala haya tutaeleza miundo mitatu inayoonekana sana: mkufu wa pete bapa, mkufu wa kamba, na mkufu wa nyoka.

Mkufu wa pete bapa ni ndugu wa mnyororo wa kawaida. Kila pete imepindwa kidogo, hivyo zote hulala chali juu ya ngozi. Mkufu wa kamba umetengenezwa kwa pete ndogo nyingi sana za waya mwembamba, kila moja imeingia ndani ya kadhaa zilizo jirani yake, zikizunguka mpaka zikafanana na kamba iliyosokotwa. Mkufu wa nyoka hauonyeshi pete hata kidogo. Ni vipande vyembamba vilivyopindwa na kubanwa karibu karibu mpaka vikawa kama bomba laini linalopinda, mfano wa magamba ya nyoka.

Tuchukue mikufu mitatu ya fedha yenye urefu mmoja na uzito mmoja. Fedha ni ile ile, lakini imegawanywa mbalimbali. Katika pete bapa imekusanywa katika pete chache nene. Katika kamba imetawanywa katika pete nyingi nyembamba. Katika nyoka imefanywa kuwa vipande vyembamba kama bati. Yafaa ieleweke kwamba waya wenye unene wa nusu hauna nguvu ya nusu, bali ya robo tu, kwa kuwa kinachoshika mzigo ni eneo la kikato cha waya. Kamba hujitetea kwa kuwa pete kadhaa husaidiana kushika mahali pamoja. Kwa hiyo mkufu wa kamba ulio mpya, usio mtupu ndani, huvumilia mvuto vizuri.

Adui mkubwa wa mkufu wa kila siku ni msuguano. Mtu akitembea, akiinama shambani, akigeuka kitandani, pete husuguana. Vumbi likichanganyika na jasho hufanya kazi ya msasa. Tuseme pete bapa ina waya wa milimita 1, na pete ya kamba ina waya wa milimita 0.5. Msuguano ukila robo ya milimita upande mmoja wa kila waya, pete bapa itabakiwa na karibu sehemu nne kati ya tano za eneo la kikato chake. Pete ya kamba itakuwa imeliwa mpaka katikati, imebakiwa na nusu. Msuguano ni ule ule, lakini mmoja ungali mzima na mwingine umeanza kuwa wa mashaka.

Sasa tuje kwenye kukunjika. Pete bapa haiogopi jambo hili, maana kila pete huchezea ndani ya mwenzake. Ukiukunja mkufu huo mfukoni, utaunyoosha tena. Kamba nayo hupinda vizuri, lakini haipendi kusokotwa kinyume. Ikisokotwa hivyo, pete za ndani hulazimika, na mahali pale pakawa pagumu kama kijiti. Ukitaka kujua, shika ncha moja uuache mkufu uning'inie. Mzima huanguka wima, na mstari wa msokoto wake huzunguka sawasawa kutoka juu hadi chini. Ulioumia huonyesha kona, au mahali ambapo msokoto umelegea.

Mkufu wa nyoka ndio dhaifu hapa. Ukikunjwa kwa kona kali, vipande vyake hutoka katika mpangilio, na mkufu huota kibiongo kisichonyooka tena. Usiuzungushe kidoleni kuujaribu, kwani jaribio lenyewe laweza kuuharibu. Upitishe taratibu kati ya vidole viwili. Ukihisi kifundo, uache mezani. Nyumbani utundike msumarini au uulaze kwa duara pana, na usilale nao. Sifa yake ni ulaini: haukamati nywele wala nyuzi za shati, na kidani kidogo huteleza juu yake bila taabu.

Swali la mwisho ni matengenezo. Pete bapa moja ikikatika, sonara huiunganisha kwa lehemu na moto, na kazi imekwisha. Kwenye kamba, lehemu hupenya mpaka kwenye pete za jirani, na mara nyingi huacha kipande kigumu. Kwenye nyoka, lehemu hunywewa katikati ya vipande, na sehemu ile haipindi tena. Sonara mwaminifu atakuambia mapema kwamba hawezi kuurudisha ulivyokuwa.

Ndugu msomaji, kabla hujalipa, tazama mambo mawili. Kwanza, pima uzito mkononi. Mkufu mnene ulio mwepesi kupita kiasi ni mtupu ndani, nao hubonyea na kutoboka, hata ukiwa wa pete bapa. Pili, tazama pete ndogo iliyo karibu na kishikizo. Aghalabu mkufu hufunguka hapo kwanza, kwa kuwa pete hiyo huachwa bila lehemu. Ikiwa unaona mwanya, mwambie sonara aifunge. Na kama mkufu ni wa shaba iliyochovywa dhahabu, jua kwamba rangi itatoka kwanza pale pete zinaposuguana, muundo uwe wowote.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, tunaiweka mbele pete bapa isiyo tupu, ya pili kamba nzito, na nyoka tunaiacha kwa siku ya harusi na ya sikukuu.

Lakini nguvu hiyo hiyo tunayoisifu ina hatari yake kazini. Mkufu dhaifu ukinaswa na mkanda wa kinu au mhimili unaozunguka, huenda ukakatika. Mkufu imara hauachii. Humvuta mtu shingo mpaka kwenye mashine, na kishikizo hakifunguki kwa haraka inayotakiwa. Kuuficha ndani ya shati hakutoshi, maana mtu akiinama hutoka. Wala asiseme mtu kwamba wake ni wa nyoka, mwembamba, hautamdhuru: kabla haujakatika waweza kuchana ngozi. Kila anayefanya kazi penye kitu kinachozunguka avue mkufu kabla mashine haijawashwa, auweke mahali pamoja kila siku, na auvae tena baada ya kunawa jasho na vumbi. Kwa kufanya hivyo shingo itasalimika, na mkufu nao utaepukana na ule msasa tuliousema.