Mpango wa Insha: Mashaka ya Imani

Tuanze na swali la mchimbaji wa Rwamgasa: “Nimesali, mbona duara langu halitoi dhahabu?”

Kwanza, mapokeo ya Wasukuma. Mwenye swali humwendea mfumu kujua aliyesababisha: mtu au mzimu. Kuwapo kwa mizimu hakuhojiwi.

Pili, Uislamu. Katika Kurani 2:260 Ibrahimu, ingawa anaamini, anaomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa, ili moyo wake utulie. Anajibiwa kwa mfano wa ndege wanne.

Tatu, Ukatoliki. Katekisimu, namba 2088, inatofautisha kukataa kwa makusudi ukweli uliofunuliwa na kusitasita kusikokusudiwa. Shaka ikiendekezwa kwa makusudi, inaweza kuleta upofu wa kiroho.

Tuhitimishe: mchimbaji wetu anasitasita au amekataa? Tutetee jibu.