Kabla ya kulifunga ombi la mtu

Kijana mmoja alituletea marekebisho ya kuonyesha saa za Kiswahili katika programu huria ndogo ninayoitunza na wenzangu. Alichofanya ni kutoa sita kwenye saa ya kompyuta: 08:00 ikawa saa mbili, vizuri kabisa. Lakini 06:00 ikaonyesha saa sifuri, na 00:00 ikaonyesha saa hasi sita. Tukamwomba arekebishe. Kimya.

Kwenye GitHub ombi la namna hii huitwa pull request: mtu huandika mabadiliko kwenye tawi lake, kisha huomba yaingizwe kwenye programu. Likikaa linaoza. Wakati sisi tunamsubiri, wengine walikuwa wamelibadilisha faili lilelile, kwa hiyo mistari yake ikaanza kugongana na yetu.

Ipo roboti ya bure, `actions/stale`, inayoweza kulishughulikia. Isipopangwa vingine, huhesabu siku 60 za ukimya, hubandika alama ya `Stale`, kisha hulifunga baada ya siku 7 zaidi. Mimi siipendi sana, kwa kuwa haiulizi nani anamsubiri nani. Mara nyingi mchangiaji alikwisha kujibu, na aliyelala ni mtunzaji. Basi nilisoma kwanza neno la mwisho ni la nani. Lilikuwa letu, nikamwandikia:

"Habari za siku nyingi? Kazi yako ya saa bado tunaihitaji. Zimebaki 00:00 hadi 06:00 na 19:00 hadi 23:00, na tawi lako sasa linagongana na `main`. Unaendelea? Neno moja tu linatosha. Tusipokusikia hadi tarehe 14 Juni tutalifunga ombi hili. Likifungwa, kazi yako haifutwi. Kama huna nafasi, turuhusu tumalizie, na jina lako litabaki."

Hiyo ahadi ya jina si maneno matupu. Anayemalizia huongeza mstari huu mwishoni mwa ujumbe wa mabadiliko, ukiwa na jina na barua pepe ya mwenye kazi, na GitHub humwonyesha kama mwandishi mwenza:

```
Co-authored-by: JINA <BARUA-PEPE>
```

Kuna mtego mmoja ambao ningeuandika pia kama ningeukumbuka. Ombi lililofungwa hufunguliwa tena kwa kitufe cha `Reopen`, ila mwenyewe akiwa amelifuta tawi, au akalisukuma upya kwa `git push --force` ombi likiwa bado limefungwa, kitufe hicho hugoma. Lifunguliwe kwanza, ndipo asukume.

Alijibu siku ya tatu: "Samahani kaka, nilidhani mmelikataa." Niliyasoma tena maoni yetu ya mwanzo. Tulikuwa tumeandika, "00:00 haifanyi kazi," basi. Hakuna aliyemwambia kwamba saa za mchana zilikuwa sawa.