Mifupa Minne kwa Kila Kipeo

Mhusika anainua mkono ndani ya Blender na bega lake linapanda vizuri, ngozi laini, hakuna kasoro. Akishapelekwa kwenye gemu, mkono ule ule ukipanda, mkunjo mkali unachomoza kati ya bega na shingo. Modeli haikuguswa wala mwendo haukubadilishwa. Kilichobadilika ni idadi ya mifupa inayoruhusiwa kuivuta ngozi pale.

Mwili wa mhusika wa pande tatu ni ganda tupu la pembetatu, na pembe za pembetatu hizo ndizo vipeo. Ndani ya ganda huwekwa mifupa, kisha kila kipeo huelezwa kinafuata mifupa ipi na kwa kiasi gani. Kiasi hicho huitwa uzito, nambari kati ya 0 na 1, na uzito wote wa kipeo kimoja ukijumlishwa sharti ufike 1. Kipeo cha kiwiko kinaweza kuwa na 0.5 ya mkono wa juu na 0.5 ya kigasha, hivyo mkono ukikunjwa kinakaa katikati. Kugawa nambari hizi huitwa kupaka uzito kwa sababu hufanywa kwa brashi: unachagua mfupa, na ngozi inaonyesha bluu pasipo na uzito, kijani penye nusu, nyekundu penye uzito kamili.

Blender haijali kipeo kina mifupa mingapi. Gemu inajali. Kadi ya grafiki hushika nambari kwa mafungu ya nne, na miundo ya mafaili imefuata desturi hiyo. Katika faili la glTF, kwa mfano, kila kipeo hubeba `JOINTS_0`, yaani namba za mifupa minne, na `WEIGHTS_0`, yaani uzito wa mifupa hiyo. Seti ya pili inaruhusiwa, lakini injini hailazimiki kuisoma. Kwa hiyo mfupa wa tano, ambao kwa kawaida ndio wenye uzito mdogo kuliko wote, unatupwa wakati wa kuhamisha, mara nyingi bila wewe kutambua.

Watu wengi hudhani hasara iko katika uzito uliotupwa. Ukitazama nambari utaona sivyo.

Tuchukue vipeo viwili jirani juu ya bega, pale mkanda wa begi unapokaa. Blender imevipa uzito yenyewe kwa amri ya `With Automatic Weights`. Kipeo cha kwanza kina mtulinga 0.40, kifua 0.30, shingo 0.14, mkono wa juu 0.09 na kichwa 0.07. Cha pili, kilicho karibu zaidi na shingo, kina mtulinga 0.38, kifua 0.30, shingo 0.18, kichwa 0.08 na mkono wa juu 0.06. Vinakaribiana sana, ndiyo maana ngozi inaonekana laini.

Sasa kikomo cha minne kinapita. Kipeo cha kwanza kinapoteza kichwa, cha pili kinapoteza mkono wa juu. Uzito uliobaki unasawazishwa ili ufike 1 tena, kama mirathi ambayo mrithi mmoja ametolewa na fungu lake likagawiwa waliobaki kwa uwiano wa mafungu yao. Mkono wa juu kwenye kipeo cha kwanza unapanda kutoka 0.09 hadi karibu 0.10, kwenye kipeo cha pili ni sifuri. Tofauti iliyokuwa 0.03 imekuwa 0.10. Upande wa kichwa tofauti ilikuwa 0.01, sasa ni takriban 0.085. Mkono ukiinuka, kipeo kimoja kinaufuata na jirani yake hausikii kabisa. Ule mkunjo umetoka hapo.

Tatizo basi ni majirani kubaki na mifupa isiyofanana. Kwenye mhusika wa filamu mwenye maelfu ya vipeo begani, mruko kama huo hujificha. Mhusika wa poligoni chache ana vipeo vichache tu eneo lote hilo, kwa hiyo kila mruko ni ukingo mzima unaoonekana.

Dawa ni kuamua mwenyewe ni mifupa ipi minne inatawala eneo, kabla programu haijakuamulia. Juu ya bega, kichwa hakina kazi. Shingo inatosha kuibeba ngozi mtu anapogeuka. Toa kichwa kwenye vipeo vyote viwili na fungu lake lipe shingo. Cha kwanza kinakuwa mtulinga 0.40, kifua 0.30, shingo 0.21, mkono wa juu 0.09. Cha pili kinakuwa 0.38, 0.30, 0.26 na 0.06. Mifupa ni ile ile minne pande zote mbili, na tofauti kubwa kuliko zote ni 0.05.

Kazi hii, kwa maoni yangu, haifai brashi. Brashi inagusa vipeo vya jirani bila kukuuliza. Ingia `Edit Mode`, chagua kipeo, bonyeza N, na kwenye kichupo cha `Item` utaona `Vertex Weights`, ambapo unaandika nambari kwa mkono na kuinakili kwa vipeo vingine ulivyochagua. Bega zima la mhusika wa aina hii halikuchukui muda mrefu.

Kuwapata wakosaji ni rahisi. Ukiwa `Object Mode`, mwili wa mhusika ukiwa umechaguliwa, msimbo huu mfupi unataja kila kipeo chenye zaidi ya mifupa minne:

```python
import bpy
for v in bpy.context.object.data.vertices:
    n = sum(g.weight > 0 for g in v.groups)
    if n > 4:
        print(v.index, n)
```

Unahesabu makundi yote ya vipeo, hata yasiyo ya mifupa, kwa hiyo kama umetengeneza kundi kwa kazi nyingine, lipunguze kwenye hesabu.

Kwenye menyu ya `Weights` kuna `Limit Total`, inayokata yanayozidi minne, na `Normalize All`, inayorudisha jumla kuwa 1. Ziendeshe kwa mpangilio huo, na ziwe za mwisho. Ukilainisha kwa `Smooth` au brashi ya `Blur` baada ya hapo, uzito wa jirani unavuja na mfupa wa tano unarudi kimyakimya.

Usiruke kusawazisha. Blender hugawanya kwa jumla yenyewe inaposogeza ngozi, hivyo kosa halionekani. Injini isiyofanya hivyo huchukua jumla ya 0.93 kama ilivyo, na kipeo kinavutwa kuelekea kitovu cha modeli, ambacho kwa kawaida kiko miguuni. Bega lililo mita 1.4 kutoka sakafuni linashuka karibu sentimita 10. Ukiona kipeo kimoja kimezama hata mhusika akiwa amesimama tu, tafuta hapo kwanza.

Kiwiko kinachonyauka kikikunjwa ni ugonjwa mwingine. Pale mifupa miwili inatosha, na kuongeza wa tatu hakusaidii. Kipeo cha nusu kwa nusu huwekwa kwenye wastani wa nafasi mbili, na wastani huo hukata kona kuelekea ndani, ndiyo maana mkono unapungua unene. Kinachosaidia ni pete tatu za vipeo kuzunguka kiungo: ya juu 0.75 kwa 0.25, ya katikati nusu kwa nusu, ya chini 0.25 kwa 0.75. Zikiwa mbili tu, kiwiko kitabonyea hata ukipaka kutwa nzima.